Karatasi ya Plasta: Tulivyoandika Upya Maelezo Anayokwenda Nayo Mgonjwa Nyumbani

Kwa muda mrefu mgonjwa aliyefungwa plasta katika chumba ninachofanyia kazi hapa Mombasa aliondoka na kikaratasi chenye maneno haya: "Usiloweshe plasta. Inua mkono. Chezesha vidole. Rudi ukiona tatizo. TCA 1/52." Hakuna uongo katika maneno hayo, na yeyote aliyesomea kazi hii huyaelewa mara moja. Shida ni kwamba hayakuandikwa kwa ajili ya mtu atakayeyasoma saa nane za usiku, mtoto akilia pembeni yake, naye anataka kujua jambo moja tu: je, hiki ni kilio cha kawaida au niondoke sasa hivi? Naeleza hapa jinsi tulivyokigeuza kikaratasi kile kuwa karatasi kamili ya mgonjwa, yenye dalili za hatari na tarehe za kurudi, kwa sababu najua vyumba vingi vya plasta bado vinatoa maelezo ya aina ile, na kazi ya kuyabadilisha ina mitego ambayo haionekani mpaka uifanye.

Mgonjwa aliyetufanya tuianze kazi hiyo alikuwa mvulana wa miaka minane, mkaazi wa Likoni, aliyeanguka kutoka mwembeni akavunjika mifupa yote miwili ya kigasha. Alihudumiwa mahali pengine, ambapo si muhimu kupataja. Mifupa ilinyooshwa vizuri, na yapata saa kumi za jioni akafungwa plasta ya kuzunguka mkono mzima, kuanzia juu ya kiwiko hadi karibu na vidole. Mama yake alipewa dawa ya maumivu na kikaratasi kisichotofautiana sana na chetu. Saa mbili za usiku alimpa mtoto dawa, naye akatulia kidogo. Saa nne alianza kulia tena. Kufikia saa nane alikuwa hataki mtu amguse vidole, na dozi ya pili ya dawa haikumsaidia kitu. Mama alikaa naye hadi alfajiri, akavuka na feri, na kufikia saa moja asubuhi walikuwa mlangoni kwetu.

Vidole vya mtoto yule vilikuwa vimefura hadi ngozi inang'aa, na alivikunja nusu kama anayeshika kikombe. Nilipojaribu kukinyoosha kidole cha kati, polepole sana, alipiga ukelele, na alipoulizwa anaumia wapi hakuonyesha kidole bali kigasha, chini ya plasta. Dalili hiyo moja inatosha. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Uvimbe unapoongezeka, huku nje kukiwa na plasta nayo isiyotanuka, msukumo wa ndani hupanda mpaka damu ishindwe kupenya kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Kunyoosha kidole ni kuvuta msuli ambao tayari unalilia damu. Tulichukua msumeno wa plasta, tukaipasua kwa urefu wake wote, tukaipanua, kisha tukakata na pamba ya ndani hadi ngozi ikaonekana. Muda si mrefu kilio kilipungua, na baadaye asubuhi ile mtoto alivinyoosha vidole vyake mwenyewe. Hakuhitaji upasuaji.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuja usiku. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Daktari, mlisema maumivu ni ya kawaida siku mbili tatu, na karatasi yasema nirudi nikiona tatizo. Mtoto aliyevunjika mkono kulia, hilo nalo ni tatizo?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa alikuwa amefuata maagizo kama alivyopewa. Tangu mtoto alipokataa kuguswa vidole hadi plasta ilipopasuliwa zilipita saa zisizopungua tano, na misuli inayokosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa, na ikifa hairudi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliuandika mkono wa namna hiyo mwaka 1881: kigasha kimekauka, kifundo kimepinda, vidole vimekunjika kwa kudumu, na chanzo akakitaja kuwa ni bendeji iliyobana. Kwa hiyo jambo hili si geni kwa madaktari. Wasiolijua ni wale wanaolala na mgonjwa.

Tulipoketi kuandika upya, mimi, muuguzi wa kliniki ya mifupa na afisa wa kliniki mmoja, hamu yetu ya kwanza ilikuwa kuongeza maneno. Rasimu ya kwanza ilijaa ukurasa mbele na nyuma, na kila dalili tuliyosomea darasani ilikuwamo. Tuliwapa baadhi ya wazazi waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waisome, kisha tukawauliza wangefanya nini mtoto akilia usiku. Wengi walitaja jambo la maji, kwa sababu ndilo lililokuwa juu. Hapo ndipo tulipoamua kwamba karatasi ipangwe kwa kufuata muda anaoupitia mgonjwa: usiku wa kwanza, siku mbili tatu za mwanzo, wiki ya kwanza, na majuma hadi plasta itolewe. Maelezo ya maji, kuwashwa na kuoga yalishuka chini. Usiku wa kwanza ukapanda juu kabisa, kwa sababu uvimbe hufikia kilele chake kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na hatari kubwa zaidi iko humo.

Sehemu iliyotuchukua muda mwingi kuliko zote ni ile ya maumivu. Huwezi kumwandikia mtu "rudi ukiumwa", maana kila aliyevunjika anaumwa, na chumba cha dharura kitajaa watu wasio na shida. Wala huwezi kumwandikia "maumivu ni ya kawaida" ukaishia hapo. Tofauti iko katika mwenendo wa maumivu. Ya mfupa uliovunjika huwa makali mwanzoni, kisha hushuka mkono unapotulia, unapoinuliwa na dawa inapofanya kazi. Ya plasta inayobana hupanda saa baada ya saa, hayajali dawa, na huzidi vidole vinaponyooshwa. Baada ya kufuta na kuandika mara nyingi, tulibaki na maneno haya, yaliyochapishwa kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku:

"NJOO SASA HIVI, HATA USIKU, ukiona mojawapo ya haya: Maumivu yanazidi badala ya kupungua, na saa moja baada ya kumeza dawa hayajatulia. Ukivinyoosha vidole polepole, maumivu makali yanapanda ndani ya mkono. Vidole vimekufa ganzi, au vinachoma kama sindano. Mgonjwa hawezi kuvichezesha vidole ilhali mwanzo aliweza. Vidole ni baridi, vimepauka au ni vya buluu, tofauti na vya mkono wa pili. Usingoje asubuhi. Usingoje tarehe ya kliniki."

Maneno "tofauti na vya mkono wa pili" hayakuwamo mwanzoni. Tulikuwa tumeandika "vidole kuwa baridi" peke yake, na bibi mmoja aliyemleta mjukuu akatuuliza, kwa adabu, baridi ipimwe vipi katika nyumba yenye feni usiku kucha. Vilevile rangi: vitabu vingi vinasema vidole huwa vyeupe, lakini kwenye ngozi yetu weupe huo hauonekani kirahisi, na hapa Pwani kuna kina mama wengi wanaovaa hina kwenye kucha, hivyo hata kile kipimo cha kubonyeza ukucha na kutazama wekundu ukirudi ndani ya sekunde 2 hakifanyi kazi. Tulichofanya ni kumwelekeza mlezi abonyeze ncha ya kidole upande wa kiganja, atazame rangi inavyorudi, kisha afanye vivyo hivyo mkono wa pili. Kulinganisha pande mbili kunamwondolea kazi ya kujua rangi au joto "sahihi" ni lipi. Ikiwa mikono yote miwili imefungwa, analinganisha na mkono wake yeye mlezi.

Watoto wadogo walihitaji maneno yao wenyewe. Mtoto wa miaka miwili hasemi kwamba ana ganzi. Anakuwa mkali, hatulii akibebwa, anaomba dawa kabla ya wakati, na haushiki mchezo wake kwa mkono ule. Tuliyaandika hayo kama yalivyo chini ya kisanduku. Na kuna mgonjwa ambaye maumivu yake hayaaminiki hata kidogo: aliyechomwa sindano ya ganzi ya mkono mzima kabla ya mfupa kunyooshwa. Huyo hataumwa kwa saa kadhaa hata plasta ikibana. Kwa ajili yake tuliacha nafasi ya kuandika kwa mkono: "Ganzi ya sindano inatarajiwa kuisha saa ___." Ikipita saa hiyo na vidole bado havina hisia, aje.

Agizo la "inua mkono" nalo tulidhani ni jepesi, mpaka tulipowaomba watu watuonyeshe wanavyolifanya. Mmoja aliuweka mkono juu hewani hadi bega likachoka, akaacha. Wengine waliufunga kwa leso shingoni, jambo jema, ila leso ilikuwa ndefu na kiganja kikaning'inia chini ya kiwiko, hivyo maji ya uvimbe yakateremkia vidoleni. Tulichora picha mbili. Katika ya kwanza mtu ameketi, leso imefungwa fupi kiasi kwamba kiganja kiko juu kuliko kiwiko. Katika ya pili amelala chali, mkono umewekwa juu ya mito miwili pembeni yake, ukiwa juu kuliko kifua. Karatasi inasema akae hivyo muda mwingi kwa siku 2 hadi 3 za mwanzo, na kila saa akiwa macho avikunje na kuvinyoosha vidole mara kadhaa. Pete na bangili hutolewa kabla hajatoka kwetu, maana zikishazidiwa na uvimbe hazitoki ila kwa kukatwa.

Hapo palitokea mgongano ambao ningependa wenzangu wautazame kwa makini. Kuinua mkono juu ya moyo hupunguza uvimbe wa kawaida. Lakini dalili za hatari zikishaanza, kuuinua sana kunapunguza nguvu ya damu inayojaribu kuingia kwenye misuli iliyobanwa, na wakati huo mkono unatakiwa ukae usawa wa moyo. Kumwandikia mlezi maagizo mawili yanayopingana ni kumchanganya. Suluhisho likawa kutotaja moyo wala damu: ndani ya kisanduku cha hatari tuliongeza sentensi moja, "Njiani, mkono uegemezwe kifuani." Mtu anayesafiri kwa tuktuk au anayesimama kwenye feri huegemeza mkono uliovunjika kifuani hata bila kuambiwa, na kifuani ndipo usawa unaotakiwa.

Sentensi nyingine katika kisanduku hicho haimhusu mgonjwa hata kidogo. Tulijiuliza: mtu wa Jomvu au wa Mtongwe akiamka usiku na dalili hizi, atakwenda wapi? Atakwenda kituo kilicho karibu, si kwetu. Atamkuta mhudumu aliye peke yake, ambaye huenda hana msumeno wa plasta, na ambaye ataogopa kuigusa plasta ya hospitali nyingine asije akauharibu mfupa ulionyooshwa. Tumeshapokea wagonjwa waliopitishwa kwenye vituo viwili kwa sababu ya hofu hiyo. Basi mwisho wa kisanduku tumeandika: "Kwa mhudumu wa afya: Ukishuku plasta hii inabana, ipasue urefu wote pamoja na pamba hadi ngozi ionekane, kisha mpeleke mgonjwa hospitali. Usingoje picha ya eksirei. Kama huna msumeno, ilowanishe kwa maji na uifungue." Plasta ya jasi hulainika ikilowa vya kutosha, na bendeji zake zaweza kukatwa kwa mkasi imara au kufunuliwa moja baada ya nyingine. Ile ya faiba hailainiki, ndiyo maana aina ya plasta imeandikwa juu ya karatasi. Mfupa uliosogea unaweza kunyooshwa tena kesho yake, ila msuli uliokufa hauna dawa. Na pamba isisahaulike, kwa sababu ikinywa damu na kukauka hubana kama plasta yenyewe, hivyo kupasua ganda la nje na kuiacha pamba hakumsaidii mgonjwa.

Sasa nije kwenye tarehe. "TCA 1/52" kwa sisi wa hospitali ni kurudi baada ya wiki moja: sehemu moja ya wiki 52 za mwaka. "3/7" ni siku tatu, na "6/52" ni wiki sita. Mgonjwa hajui hesabu hiyo, na hana sababu ya kuijua. Baba mmoja aliyeandikiwa "3/7" alikuja na mwanawe tarehe 3 Julai, akiwa amevaa vizuri na amewahi, wakati sisi tulikuwa tukimngoja tangu mwezi uliotangulia. Mfupa ulikuwa umepinda na umeshaanza kuunga hivyo hivyo, ikabidi mtoto aingie chumba cha upasuaji kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa plasta mpya. Katika karatasi mpya hakuna mkato wa aina hiyo. Tarehe huandikwa kwa jina la siku, tarehe na jina la mwezi, na saa huandikwa kwa namna watu wanavyoisema: "Jumanne tarehe 14 Mei, saa 2 asubuhi". Tulikataa kuandika "8:00" kwa sababu wapo wanaoisoma kuwa saa nane.

Kuna nafasi tatu za tarehe, na kila moja ina sababu yake iliyoandikwa mbele yake, kwa maana mtu asiyejua sababu ya safari huiacha nauli inapokosekana. Ya kwanza ni kesho yake, ndani ya saa 24, kutazama vidole na kubana kwa plasta. Hii si lazima iwe kwetu. Zahanati ya karibu inatosha, na karatasi inasema hivyo waziwazi, jambo lililowapunguzia gharama wanaotoka mbali. Ya pili ni baada ya wiki moja, na hapa ndipo wengi walipokuwa wakipotea. Kufikia siku hiyo maumivu yamepungua, mtoto anakimbia, na mzazi haoni kwa nini alipie picha nyingine. Lakini uvimbe ukishuka plasta hubaki imelegea, na mfupa ulionyooshwa unaweza kusogea ndani yake bila maumivu yoyote. Ukigunduliwa siku ya 7 hadi ya 10 bado ni rahisi kunyooshwa. Kwa mtoto, ukingoja wiki mbili au tatu, mfupa mpya umeshaanza kushika. Kwa hiyo tumeandika: "Njoo hata kama huna maumivu. Plasta hulegea uvimbe ukishuka, na mfupa unaweza kuhama. Picha ya siku hii ndiyo inayotuonyesha."

Nafasi ya tatu ni ya kutolewa plasta, na hapo hatukuchapisha idadi ya wiki. Kifundo cha mkono cha mtu mzima mara nyingi hukaa wiki 5 hadi 6, mtoto mdogo huhitaji wiki chache kuliko hizo, na mguu wa mtu mzima unaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Tungechapisha namba moja, mtu angeitumia hiyo kujikatia plasta nyumbani siku ikifika. Nafasi iko wazi, na anayejaza ni aliyeiona picha.

Kuhusu maji nitasema machache, ila moja ni la lazima. Plasta ya jasi huwa ngumu ndani ya dakika chache, na kwa takriban nusu saa huwa ya moto, jambo la kawaida linalowaogopesha wazazi wengi. Kukauka kabisa ni habari nyingine: huchukua kati ya saa 24 na 72 kutegemea unene wake, na wakati wa masika hewa ya Mombasa huirefusha zaidi. Katika muda huo ilazwe juu ya mto, si juu ya meza, kwa kuwa ikibonyea hufanya kidonda ndani. Isisogezwe jikoni kwenye moto, maana hukauka nje na kubaki mbichi ndani, na ngozi inaweza kuungua. Hayo tuliyajua. Tusilolitarajia ni idadi ya plasta zilizokuwa zikirudi zimelainika kwenye kifundo cha mkono na kiganja, za watu wazima waangalifu walioapa kwamba hawakuoga nazo. Mzee mmoja ndiye aliyetufumbua macho: alikuwa akitawadha mara tano kwa siku, akimimina maji juu yake kila mara. "Kikaratasi chenu kilisema nisiloweshe, nikadhani ni kuoga," alisema. "Swala sikuweza kuiacha."

Hatukuwa na mamlaka ya kumwandikia mtu jinsi ya kutawadha, kwa hiyo tulikwenda kwa imamu wa msikiti ulio karibu. Alitueleza kwa utulivu kwamba hukumu ya jabira inajulikana, kwamba mwenye plasta haoshi mahali palipofungwa bali hupaka mkono ulio na umaji juu yake, na kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa Pwani, kutayamamu pia huongezwa. Kupaka kwa mkono wenye umaji kidogo hakuiharibu plasta iliyokauka. Tulichoandika ni hiki: "Usimimine maji juu ya plasta wakati wa kuoga wala wa kutawadha. Muulize imamu wako juu ya kupaka juu ya jabira." Tangu hapo zile plasta zilizolainika kiganjani zimepungua kuonekana mlangoni.

Chini ya kisanduku kikubwa kuna kidogo, cha mambo ya kuletwa kesho yake asubuhi bila kukimbizana usiku: plasta iliyopasuka, iliyolainika au iliyolegea hadi kucheza, harufu mbaya au doa jipya linalopanuka, na maumivu ya kuchoma mahali pamoja padogo, hasa juu ya mfupa uliotokeza. Hili la mwisho lina sentensi yake ya pekee: "Likianza kuchoma kisha likaacha lenyewe, bado njoo." Ngozi inayokandamizwa huuma mpaka inapokufa, halafu hunyamaza, na mgonjwa hufurahi wakati kidonda ndiyo kwanza kinachimbika. Harufu ikiambatana na homa, huyo anahama kwenda kisanduku cha juu. Kuwashwa tulikuweka hapo pia, kwa onyo moja tu la kutoingiza kijiti, rula wala sindano ya kufumia, kwani tumetoa plasta nyingi zilizoficha mikwaruzo iliyooza.

Karatasi yenyewe imeishia upande mmoja wa ukurasa, kwa herufi zinazosomeka kwenye mwanga hafifu, na fotokopi yake ni gharama ndogo kuliko bendeji moja ya plasta. Gharama halisi ni dakika tunazotumia kuisoma pamoja na mlezi kabla hajaondoka. Tumeacha kuuliza "Umeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo, kwa heshima au kwa haraka ya kuwahi gari. Tunasema, "Mama, hebu nieleze: usiku huu ukiona nini utamleta, na utampeleka wapi?" Akitaja maumivu yanayozidi na vidole, na akataja kituo kwa jina, anaandika jina la kituo hicho mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Akisita, tunarudi kwenye picha za kwenye karatasi. Asiyejua kusoma tunamwomba ataje nani nyumbani atamsomea, na ikiwezekana tunampigia mtu huyo simu palepale.

Karatasi hii ni ya mkono, na wenzetu wa wodi walipotaka kuifanyia nakala wakibadilisha tu neno "mkono" kuwa "mguu" tuliwazuia. Mguu una hatari ambayo mkono hauna kwa kiwango kile: damu kuganda kwenye mishipa ya shavu la mguu usiotembea, kisha kipande kikasafiri hadi mapafuni. Kwa hiyo kisanduku cha juu cha mguu kimeongezwa uvimbe na maumivu mapya ya shavu la mguu au ya paja juu ya plasta, kifua kubana ghafla na pumzi kukatika. Mito inahamia chini ya shavu la mguu huku kisigino kikiachwa hewani, kwa sababu kisigino ndicho kinachooza kwanza. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo anaambiwa asitegemee maumivu kabisa, bali atazamwe vidole na mtu mwingine asubuhi na jioni. Na ule mstari wa kukanyaga au kutokanyaga hatukuuchapisha: umeachwa mtupu, unajazwa na daktari kwa kila mgonjwa, pamoja na tarehe ambayo jibu hilo linaweza kubadilika.